Zidisha, Jumlisha, Rudia

Mwaka 1669 Isaac Newton alikuwa kijana wa miaka 26, mwanachuoni wa Cambridge ambaye nje ya chuo chake ni wachache waliomjua. Mwaka huo aliandika kwa Kilatini kijitabu kuhusu mifululizo isiyo na mwisho, *De Analysi*. Isaac Barrow alikituma London kwa John Collins, kikasomwa na wachache waliokifikia, na hakikuchapishwa hadi 1711. Ndani yake upo mstari mmoja ambao msomaji anayetafuta mambo makubwa huupita bila kuutazama mara mbili. Newton alikuwa na polinomia hii mbele yake:

y⁴ − 4y³ + 5y² − 12y + 17

Badala ya kuiacha ilivyo, aliipanga upya kwa kuchora mistari ya mlalo juu ya namba, mistari iliyofanya kazi ya mabano ya leo. Kwa mabano tuliyoyazoea, alichoandika ni hiki:

(((y − 4)y + 5)y − 12)y + 17

Anayetaka kuhakiki na aanzie ndani kabisa, atoke nje hatua kwa hatua. (y − 4) ikizidishwa kwa y inakuwa y² − 4y. Ongeza 5, zidisha tena kwa y, na unapata y³ − 4y² + 5y. Toa 12, zidisha kwa y, na ile y⁴ inajitokeza pamoja na wenzake wote. Ongeza 17, kazi imekwisha. Maandishi yote mawili yanataja kitu kimoja, ila la pili halina kipeo hata kimoja. Ndani yake mna kuzidisha, kujumlisha na kutoa tu.

Gharama ya kila njia

Polinomia ni jumla ya vipande, na kila kipande ni namba iliyozidishwa kwa herufi yenye kipeo fulani. Namba hiyo inayokaa mbele ya herufi huitwa kizigeu. Katika polinomia ya Newton vizigeu ni 1, −4, 5, −12 na 17, ile ya mwisho ikisimama peke yake bila herufi. Kuikokotoa maana yake ni kuchagua thamani ya y, tuseme 3, na kutafuta jumla nzima inatoka ngapi.

Mwanafunzi aliyeachwa afanye anavyoona ataanza kushoto. Atatafuta 3⁴ kwa kuzidisha 3 × 3 × 3 × 3, na hayo ni matendo 3 ya kuzidisha. Kisha atahamia 4 × 3³, ambayo ni matendo mengine 3: mawili ya kupata 27 na moja la kuzidisha kwa 4. Kipande cha 5 × 3² kina matendo 2, na 12 × 3 kina 1. Jumla ni matendo 9 ya kuzidisha, halafu vipande vinaunganishwa kwa matendo 4 ya kujumlisha na kutoa.

Mwanafunzi makini zaidi ataona kwamba mwenzake anarudia kazi. Aliyekwisha kupata 3² hana haja ya kuanza upya anapotafuta 3³, kwa kuwa anazidisha tu 9 kwa 3. Huyu ataandika pembeni 9, 27 na 81 kwa matendo 3, kisha atazidisha kwa vizigeu 4, 5 na 12 kwa matendo mengine 3. Amefika kwenye 6, ingawa analazimika kutunza orodha ya vipeo wakati wote wa kazi.

Njia ya mabano inahitaji matendo 3 tu. Anza na 1, kizigeu cha kipande cha juu kabisa. Zidisha kwa 3, toa 4, na unabaki na −1. Zidisha kwa 3, ongeza 5, unapata 2. Zidisha kwa 3, toa 12, unapata −6. Zidisha kwa 3, ongeza 17, jibu ni −1. Tendo la kwanza la kuzidisha halikuhesabiwa kwa sababu 1 × 3 si kazi. Matendo ya kujumlisha na kutoa yamebaki 4 kama ilivyokuwa, kwa hiyo kilichopungua ni kuzidisha peke yake. Cha kutunza nacho ni namba moja tu, ile iliyopatikana katika hatua iliyotangulia.

Tofauti ya 9 na 3 ni ndogo kwa anayekokotoa mara moja, lakini pengo hupanuka kadiri kipeo kinavyopanda. Polinomia yenye kipeo cha 10, ikiwa na vizigeu vyote, hudai matendo 55 ya kuzidisha kwa anayeanza kila kipande upya, 19 kwa anayetunza vipeo, na 10 kwa anayefuata mabano. Ikiwa na kipeo cha 100, namba hizo zinakuwa 5050, 199 na 100. Safu ya kwanza hukua kwa kasi ya mraba wa kipeo, na hizo nyingine mbili hukua sambamba nacho.

Anayekokotoa kwa mkono ana unafuu wa pili ambao hesabu ya matendo haiuonyeshi. Chukua y = 3.05. Kwa njia ya vipeo ni lazima apitie 9.3025, kisha 28.372625, kisha 86.53650625, halafu ajumlishe na kutoa namba hizo kubwa zenye desimali nyingi. Kwa njia ya mabano hatua zake ni hizi: 3.05 toa 4 ni −0.95; ikizidishwa kwa 3.05 na kuongezwa 5 inakuwa 2.1025, tena kwa 3.05, toa 12, ni −5.587375; tena kwa 3.05, ongeza 17, ni −0.04149375. Namba za kati zimebaki ndogo, na muda wote kinachozidisha ni kilekile 3.05.

Safu chini ya safu

Walimu wengi hufundisha jambo hili kwa safu mbili. Juu vinapangwa vizigeu, chini yanapangwa majibu ya hatua:

```
 1   -4    5   -12   17
 1   -1    2    -6   -1
```

Kila namba ya chini inatokana na jirani yake wa kushoto akizidishwa kwa 3, kisha kujumlishwa na namba iliyo juu. Ya mwisho ndiyo thamani ya polinomia. Kompyuta nayo hupewa maelekezo hayohayo, na katika lugha ya Python yanaenea katika mistari mitano:

```
def thamani(v, x):
    j = v[0]
    for k in v[1:]:
        j = j * x + k
    return j
```

Ukiandika `thamani([1, -4, 5, -12, 17], 3)` unapata −1.

Kosa linalojitokeza mara nyingi, kwa mkono na kwa mashine pia, ni kusahau sifuri. Polinomia y⁴ − 12y + 17 haina kipande cha y³ wala cha y², lakini nafasi zao zipo. Vizigeu vyake ni 1, 0, 0, −12, 17, na kwa y = 3 safu ya chini inakuwa 1, 3, 9, 15, 62. Anayeandika 1, −12, 17 kwa kuwa ndizo namba anazoziona atapata 1, −9, −10. Hajakosea kuzidisha wala kujumlisha. Amekokotoa polinomia nyingine kabisa, y² − 12y + 17, na hakuna kitakachomshtua njiani. Kinga yake ni kuhesabu kabla ya kuanza: polinomia yenye kipeo cha 4 lazima iwe na vizigeu 5, yenye kipeo cha 10 lazima iwe na 11.

Sifuri hiyohiyo kila mtu huipa heshima yake anapoandika kiasi cha fedha. Namba 35,750 ni polinomia ambayo thamani ya herufi yake ni 10. Mtu anapobonyeza 3, 5, 7, 5, 0 kwenye simu, programu hupokea alama tano zinazofuatana na ni lazima izigeuze kuwa namba moja. Inaanza na 3. Inazidisha kwa 10 na kuongeza 5, inapata 35. Inaendelea kwa 357, kisha 3,575, na mwisho 35,750. Hapa mabano yana faida ambayo vipeo havina: programu haina haja ya kujua mapema namba itakuwa na tarakimu ngapi. Anayetaka kutumia vipeo hawezi kujua kama ile 3 ya mwanzo ni makumi elfu au ni mamia mpaka tarakimu ya mwisho ifike.

Mwalimu wa Bath

Njia hii leo inajulikana kwa jina la William George Horner, mwalimu wa shule katika mji wa Bath, Uingereza, aliyezaliwa 1786 na kufariki 1837. Mwaka 1819 makala yake ilisomwa mbele ya Royal Society mjini London na kuchapishwa katika jarida la chama hicho. Lakini kukokotoa thamani ya polinomia hakukuwa lengo lake. Alitaka kutatua milinganyo, yaani kutafuta y inayoifanya polinomia iwe sifuri, akiipata tarakimu moja baada ya nyingine.

Kinachounganisha mambo hayo mawili ni ile safu ya chini. Namba za kati, ambazo mwanafunzi huzifuta baada ya kupata jibu, zina kazi. Katika mfano wetu zilikuwa 1, −1, 2, −6, na mwisho −1. Zile nne za kwanza ni vizigeu vya polinomia mpya, y³ − y² + 2y − 6, ambayo ndiyo jibu la kugawanya polinomia ya Newton kwa (y − 3). Namba ya mwisho, −1, ndiyo baki. Sasa zichukue hizo nne na uzipitishe kwenye mashine ileile kwa 3:

```
 1   -1    2    -6
 1    2    8    18
```

Hiyo 18 ni mteremko wa polinomia ya Newton mahali ambapo y ni 3. Inaeleza kwamba hapo y ikiongezeka kidogo, thamani hupanda mara 18 ya kiasi hicho. Kwa kuwa thamani pale ni −1, inayopungukiwa na 1 tu kufika sifuri, inatosha kusogea mbele kwa 1/18, na y inakuwa karibu 3.056. Jaribio letu la 3.05 lilitoa −0.04149375, chini kidogo ya sifuri. Kwa 3.06 safu inatoa 0.16454096, juu ya sifuri. Jibu la mlinganyo limenaswa katikati ya namba hizo mbili, na safu mbili fupi ndizo zilizolionyesha lilipo. Horner aliirudia safu hadi mwisho, akaihamisha polinomia nzima ianzie mahali papya, kisha akatafuta tarakimu inayofuata.

Hakuwa wa kwanza. Nchini Italia Paolo Ruffini alipata medali ya dhahabu mwaka 1804 kwa njia inayofanana sana na hiyo, na katika shule za Hispania mpaka leo safu hizi huitwa kanuni ya Ruffini. Miaka mingi kabla yao, Qin Jiushao wa China alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1247 namna ya kutatua milinganyo ya vipeo vikubwa, mmoja ukiwa wa kipeo cha 10, kwa kuzidisha na kujumlisha vizigeu hatua kwa hatua. Yeye alikokotoa kwa vijiti vilivyopangwa kwenye ubao, na juu ya ubao namba ya zamani huondolewa ili mpya ikae mahali pake. Njia inayohitaji kutunza namba chache ndiyo inayofaa chombo cha aina hiyo.

Je, inawezekana kupunguza zaidi?

Kanuni ya Horner ilipata umuhimu mpya kompyuta zilipoanza kuenea katika miaka ya 1950, kwa kuwa katika mashine nyingi za siku hizo kuzidisha kulichukua muda mrefu kuliko kujumlisha. Swali likawa kama inawezekana kwenda chini ya hapo. Mwaka 1954 Alexander Ostrowski, aliyekuwa akifanya kazi Basel, alilichambua swali hilo. Alithibitisha kwamba matendo ya kujumlisha hayawezi kupungua chini ya idadi ya kipeo, na kwa polinomia za vipeo vidogo alithibitisha hivyohivyo kuhusu kuzidisha. Mwaka 1966 Victor Pan alikamilisha uthibitisho wa kuzidisha kwa kipeo chochote. Polinomia yenye kipeo cha n, ambayo vizigeu vyake vinaweza kuwa namba zozote, haikokotoleki kwa matendo pungufu ya n ya kuzidisha.

Sharti la "namba zozote" lina uzito. Polinomia x¹⁰⁰ + 1 ina vizigeu vingi vya sifuri, na anayeifuata kanuni ya Horner bila kufikiri atazidisha mara 99, akiongeza sifuri kila hatua. Anayeanza kwa kupata mraba, kisha mraba wa mraba, atafika x⁶⁴ kwa matendo 6. Akizidisha x⁶⁴ kwa x³² na zao hilo kwa x⁴, namba alizokwisha kuzipata njiani, amefika x¹⁰⁰ kwa matendo 8. Polinomia yenye vipande vichache vilivyoachana sana haifai kupitishwa kwenye safu.

Mwanya wa pili ni kuvifanyia vizigeu kazi kabla. Ikiwa polinomia ni ileile na itakokotolewa mara maelfu kwa thamani tofauti za y, mtu anaweza kuvibadili vizigeu mara moja tu, akavipanga katika umbo jipya linalodai kuzidisha kuchache zaidi. Kwa polinomia ya Newton umbo hilo lina hatua mbili. Kwanza tafuta namba ya kati, w:

w = (y − 2.5) × y − 8.875

kisha jibu:

(w + y + 19) × w + 106.859375

Yapo matendo 2 tu ya kuzidisha, na matendo ya kujumlisha na kutoa yamepanda kutoka 4 hadi 5. Kwa y = 3, w ni 0.5 × 3 − 8.875, yaani −7.375. Mabano ya pili ni −7.375 + 3 + 19, yaani 14.625. Zao la 14.625 na −7.375 ni −107.859375, na likiongezwa 106.859375 linabaki −1. Jibu ni lilelile.

Ila tazama lilivyopatikana. Namba mbili zinazozidi 100 zimekutana na kufutana, ikabaki 1. Kwa Horner namba kubwa iliyojitokeza katika hesabu hiyohiyo ilikuwa 18. Mashine inayotunza tarakimu chache za kila namba hupoteza zile za mwisho, na namba ikiwa kubwa, kinachopotea nacho ni kikubwa. Tendo moja la kuzidisha limeokolewa kwa kulipa kwa usahihi. Ndiyo maana umbo hili, ingawa linajulikana tangu miaka ya 1950, halikuiondoa kanuni ya Horner mahali pake.

Ndani ya kitufe cha `sin`

Mwaka 1993 kampuni ya Sun Microsystems ilitoa mkusanyiko wa programu za hisabati unaoitwa `fdlibm`. Mfumo wa FreeBSD uliurithi, na kutoka huko ukaingia katika maktaba ya hisabati ya Android, kwa hiyo umesafiri mbali sana. Katika toleo la Sun, mstari ufuatao unatoka kwenye sehemu inayokokotoa `sin` ya pembe:

```
r = S2 + z*(S3 + z*(S4 + z*(S5 + z*S6)));
```

Ni mabano ya Newton, yamegeuzwa tu kizigeu kidogo kikae ndani kabisa upande wa kulia. Herufi z ni mraba wa pembe x, na pembe yenyewe imekwisha kupunguzwa na programu nyingine hadi isizidi robo ya pai, karibu 0.785. Baada ya r kupatikana, jibu ni x + z·x·(S1 + z·r). Polinomia nzima ina kipeo cha 13, lakini kwa kuwa ina vipeo witiri peke yake na z inatumika badala ya x, matendo yote ya kuzidisha, pamoja na kupata z na z·x, ni 8.

Kwa mkono inatosha kuishia kwenye vizigeu vitatu, tukichukua −1/6, 1/120 na −1/5040, ambavyo vile vya programu vinavikaribia sana. Tafuta `sin` ya 0.5. Hapo z ni 0.25. Ndani kabisa: 0.00833333 toa 0.25 × 0.00019841, inabaki 0.00828373. Zidisha kwa 0.25 na utoe 0.16666667, unapata −0.16459574. Zidisha kwa z·x, ambayo ni 0.125, unapata −0.02057447. Ongeza 0.5, na jibu ni 0.47942553. Kikokotoo kitaonyesha 0.47942554, tofauti ya 1 katika tarakimu ya nane.

Mpangilio huu unalinda usahihi pia. Mashine hukadiria kila tendo, na kila kadirio huacha kosa dogo. Kosa lililotokea ndani kabisa ya mabano huzidishwa kwa z kila linapotoka nje hatua moja, na kwa kuwa z ni chini ya 1, hupungua njia nzima. Tendo la mwisho, kuongeza sehemu ndogo kwenye x, ndilo pekee ambalo kosa lake hufika kwenye jibu bila kupunguzwa. Anayejumlisha vipande kwa mpangilio wa kinyume, kikubwa kwanza, hujumlisha vile vidogo kwenye namba ambayo imekwisha kuwa kubwa, na tarakimu zao za mwisho hukatwa.

Mahali inapodanganya

Kanuni ya Horner haiwezi kuokoa polinomia iliyoandikwa vibaya. Mfano unaopendwa na walimu wa hisabati ya kompyuta ni (x − 2)⁹ iliyofunguliwa mabano:

x⁹ − 18x⁸ + 144x⁷ − 672x⁶ + 2016x⁵ − 4032x⁴ + 5376x³ − 4608x² + 2304x − 512

Karibu na x = 2 thamani yake halisi ni ndogo mno. Kwa x = 1.99 ni hasi, na ukubwa wake ni 0.01 kwa kipeo cha 9, yaani moja iliyotanguliwa na sifuri 17 baada ya nukta. Mashine hupaswa kuufikia udogo huo kwa kujumlisha na kutoa vipande vikubwa. Vile vya x⁵ na x⁴, kwa mfano, kila kimoja kinazidi 60,000. Makadirio ya namba kubwa kiasi hicho huacha makosa yaliyo mara mamilioni ya jibu lenyewe. Ukichora grafu ya majibu ya kompyuta kati ya 1.95 na 2.05, badala ya mstari laini unaogusa sifuri mahali pamoja unaona vumbi la nukta, nyingine juu ya sifuri na nyingine chini. Programu inayotafuta jibu la mlinganyo kwa kuangalia alama inapogeuka kutoka hasi kuwa chanya itasimama popote katika vumbi hilo na kutangaza kwamba imefika.

Inawezekana kulijua hilo bila kuchora grafu. Pitisha safu mara ya pili, safari hii ukiondoa alama zote za hasi katika vizigeu na katika x. Kwa mfano huu, x ikiwa 2, safu hiyo inatoa 262,144. Zidisha namba hiyo kwa mara mbili ya kipeo, hapa 18, kisha gawanya kwa 2⁵³, kwa kuwa kompyuta za kawaida hutunza tarakimu 53 za mfumo wa mbili katika kila namba. Inatoka karibu 0.0000000005. Hicho ndicho kiwango ambacho kosa haliwezi kukipita kwa kiasi cha kuhisika. Jibu la safu ya kwanza likiwa dogo kuliko hapo, hata alama yake ya hasi au chanya haina dhamana. Kwa polinomia hii, dhamana hiyo hukosekana kwa kila x iliyo ndani ya 0.09 hivi kutoka 2.

Anayejua kwamba polinomia yake ilitokana na (x − 2)⁹ asifungue mabano kamwe: atoe 2 kwanza, kisha azidishe. Asiyejua, na aliyepewa vizigeu tu, anaweza kuongeza tarakimu za mashine, au kuihamisha polinomia ianzie karibu na mahali anapopachunguza kwa zile safu zinazorudiwa za Horner, mradi uhamisho wenyewe ufanyike kwa tarakimu za kutosha. Kwa polinomia ya Newton hakuna haja ya hayo. Kwa y = 3.05, safu isiyo na hasi inatoa jumla ya vipande vyote, karibu 300. Ikizidishwa kwa 8 na kugawanywa kwa 2⁵³, kiwango cha kosa ni kidogo mara mabilioni kuliko ile −0.04149375, kwa hiyo alama yake ya hasi ni ya kweli, na jibu la mlinganyo kweli liko juu ya 3.05.